Sendozi ya Elfu Ishirini na Safari Zake

Asubuhi ya kawaida Dar es Salaam, sendozi ileile ya kahawia yenye bakoli la rangi ya shaba inaweza kuonekana kwenye stetasi za wauzaji sita au saba, kila mmoja na bei yake. Kwa mmoja ni shilingi 18,000, kwa mwingine 20,000, kwa wa tatu imeandikwa tu "bei inboksi". Pea yenyewe bado iko Kariakoo, kwenye duka la jumla Mtaa wa Kongo, na huenda kati ya wote walioirusha hakuna hata mmoja aliyeilipia.

Huu ni uwinga uliohamia kwenye simu. Winga wa Kariakoo ni mtu wa zamani kuliko Instagramu: husimama mlangoni mwa duka lisilo lake, akamdaka mteja, akamtafutia anachotaka na kuweka cha juu chake juu ya bei ya mwenye duka. Siku hizi mwenye duka anafungua kundi la WhatsApp, mzigo ukishuka anarusha picha pamoja na bei ya jumla. Wauzaji waliomo humo wanachukua picha, wanaifuta ile bei, wanaandika yao na kuipeleka kwenye kurasa zao. Mteja akilipa ndipo muuzaji anapopanda daladala kwenda kuchukua kiatu.

Uzuri wake unajulikana: hauhitaji mtaji. Ubaya wake unaonekana pale mteja wa Kimara anapouliza, "Dada, 39 ya kahawia ipo?" na muuzaji anajibu "Ipo mpenzi" huku hana hakika. Picha ya jana haisemi kama mzigo umeisha leo. Dukani wauzaji wengine wamekuwa wakichukua tangu saa 3 asubuhi, na namba zinazotangulia kuisha ndizo zinazotafutwa na kila mtu. Muuzaji anafika, anakuta imebaki 37 na 41, hela ya mteja anayo mkononi, na sasa lazima achague: amrudishie au amshawishi achukue nyeusi. Wengi hushawishi. Hapo ndipo mteja anapoanza kusema kwamba watu wa mtandaoni ni matapeli, hata kama huyu hakukusudia utapeli wowote.

Kwa hiyo wengi wanaodumu kwenye biashara hii hufika mahali wakanunua mzigo wao wenyewe, japo mdogo. Na hapo linazaliwa tatizo jingine ambalo winga wa kawaida halijui.

Tuchukulie dada anayeishi Tabata, ambaye ameamua kununua dazeni moja ya sendozi hizo. Bei ya jumla ni shilingi 12,000 kwa pea, jumla 144,000. Kwenye maduka mengi ya jumla dazeni haichaguliwi. Inakuja imefungwa na saizi zake. Tuseme hii ina 37 pea mbili, 38 pea tatu, 39 pea tatu, 40 pea tatu na 41 pea moja. Anauza 20,000, na boda analipa mteja. Kwa hesabu ya kichwani, pea 12 zitaleta 240,000, faida 96,000. Akitoa nauli ya Kariakoo, mifuko na bando, tuseme 15,000, anabaki na 81,000. Kwa wiki mbili za kazi inayofanyika pembeni ya kazi nyingine, si haba.

Kinachotokea ni hiki. Pea za 38, 39 na 40 zinakwenda zote tisa. Mbili za 37 na ile moja ya 41 zinabaki. Kati ya wateja tisa, wawili wanapiga simu jioni ileile: kiatu kinabana, wabadilishiwe. Kwa kuwa muuzaji ndiye aliyewaambia "hiyo ni 38 kamili", anaona haya kuwatoza boda. Boda anakwenda kuchukua, kisha anapeleka nyingine, 5,000 kwa kila safari. Wateja wawili, safari nne, 20,000.

Sasa hesabu ya mwisho wa mwezi: pea tisa zimeleta 180,000. Toa 144,000 ya mzigo, toa 15,000, toa 20,000 ya boda. Mkononi imebaki shilingi 1,000. Faida yote, yaani 60,000 nzima, imelala kwenye maboksi matatu chini ya kitanda.

Muuzaji akiona hali hiyo husema biashara ni ngumu au wateja hawana hela. Lakini bei yake haikuwa mbaya na wateja walikuja. Fedha ilipotelea sehemu mbili tu, kwenye saizi na kwenye safari, na zote mbili zinaweza kushughulikiwa kabla boda hajawasha pikipiki.

Tuanze na saizi. Baadhi ya maduka humruhusu mnunuzi kuchanganya, yaani kuchukua namba anazotaka, kwa bei iliyopanda kidogo. Tuseme 13,000 badala ya 12,000. Muuzaji mgeni huikataa kwa sababu anaona anapoteza 1,000 kwa kila pea. Hebu dada wa Tabata angechukua pea tisa tu, 38 hadi 40, kwa 117,000. Mauzo yaleyale 180,000, gharama zilezile za 15,000 na za kubadilisha 20,000, angebaki na 28,000. Amenunua ghali zaidi, amefaidi zaidi, na hana boksi hata moja chini ya kitanda.

Duka likikataa kuchanganya, kuna njia ya pili: wauzaji wawili kugawana dazeni, mmoja ana wateja wa miguu midogo, mwingine wa mikubwa. Hii inawezekana tu kama kila mmoja anawajua wateja wake kwa namba, jambo linalotuleta kwenye daftari.

Daftari la muuzaji wa mtandaoni halihitaji kuwa la kihasibu. Ukurasa mmoja kwa kila aina ya kiatu, mstari mmoja kwa kila pea. Sendozi ya kahawia inapewa herufi na namba, mathalani S14, na pea ya 39 inakuwa S14-39. Herufi hizohizo zinaandikwa kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa boksi, na zinaonekana kwenye kona ya picha. Mteja akituma picha akiuliza, muuzaji haanzi kupekua stoo. Anafungua ukurasa, anaona mistari mingapi haijakatwa.

Mstari mmoja unabeba mambo manne: tarehe ya kununuliwa, bei, tarehe ya kuuzwa, na jina la mteja na mtaa wake. Tarehe ya kununuliwa ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo inayosema mzigo umeanza kudoda. Pea iliyokaa wiki sita wakati wenzake waliisha kwa siku kumi haingoji bahati. Inaposhushwa hadi 13,000 inarudisha hela yake na kitu kidogo juu. Dada wetu akizitoa zile pea tatu kwa bei hiyo anapata 39,000, na fedha hiyo inaingia kwenye mzigo unaofuata. Wauzaji wengi wanaona aibu kushusha bei kwa sababu waliokwisha kununua kwa 20,000 watalalamika. Dawa yake ni kuandika wazi kwamba ni namba za mwisho, 37 na 41 tu. Aliyenunua 39 hatakuwa na neno.

Kuna mstari mwingine unaosumbua: "niwekee". Mteja anaomba awekewe hadi mshahara utoke. Muuzaji anaficha pea ya 38, anawakatalia wawili walio na hela mkononi, kisha yule wa kwanza haonekani tena. Wenye uzoefu huweka kwa muda unaotajwa, mfano hadi kesho saa 10 jioni, na anayetaka zaidi anatanguliza sehemu ya malipo. Wakiandika neno "kawekewa" daftarini wanaandika na saa.

Sehemu ya pili, ile ya safari za kurudi, mara nyingi inaanzia kwenye picha.

Picha ya kiwandani huwa imepigwa kwa taa kubwa, kiatu kiko juu ya marumaru, na rangi imenolewa hadi kahawia inakuwa chungwa. Ikifika kwa mteja ilivyo, anasema ameletewa kingine. Muuzaji mwenye pea mkononi hana sababu ya kuitumia. Anachohitaji ni dirisha, manila nyeupe ya dukani na simu aliyonayo. Dar es Salaam jua la saa 6 mchana liko karibu na utosi, linaangusha kivuli kizito chini ya kiatu na kuunguza sehemu zinazong'aa. Saa 2 hadi saa 4 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni, karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, mwanga ni mpole na rangi inakaa ilivyo. Manila inabandikwa ukutani na kuteremshwa hadi mezani bila kukunjwa, ili nyuma ya kiatu pasiwe na mstari. Taa ya chumbani inazimwa, maana balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa dirisha upande mmoja wa kiatu unakuwa rangi moja na wa pili nyingine.

Lenzi inafutwa kwanza. Simu iliyokaa kwenye pochi pamoja na mafuta ya mikono inatoa picha yenye ukungu, na watu hulaumu kamera. Kwenye simu nyingi, ukibonyeza kioo na kushikilia kidole juu ya kiatu, kamera inashika mwanga wa hapo na haubadiliki kila mkono unapotikisika. Picha nne zinatosha: ubavuni, kutoka juu, soli chini, na bakoli kwa karibu. Kama gundi imetokeza pembeni ya soli, na mara nyingi hutokeza, inapigwa picha nayo. Mteja aliyeiona kabla hawezi kuirudisha kwa sababu hiyo.

Picha ya tano ndiyo yenye hela. Ni ya utepe wa fundi cherehani uliolazwa ndani ya kiatu, kutoka kisigino hadi kidoleni, namba za sentimita zikisomeka. Namba za viatu za Ulaya, ambazo ndizo zinazobandikwa kwenye viatu vingi vinavyouzwa Kariakoo, zinahesabiwa kwa theluthi mbili za sentimita. Kwa hiyo 38 inatarajiwa kuwa na urefu wa ndani wa sentimita 25.3 hivi, na 39 sentimita 26. Lakini hiyo ni kanuni. Viwanda havilingani, na 38 ya mzigo huu inaweza kuwa 24.6. Muuzaji anayesema "ni 38 kamili" anasoma kibandiko. Anayesema "ndani ni sentimita 24 na nukta 6" ameshika kiatu.

Mteja naye anaambiwa afanye kazi ya dakika moja: asimame juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, atie alama mbele ya kidole kirefu, apime. Ni vizuri apime jioni, kwa sababu kwa joto la Dar miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Sendozi ya wazi inahitaji nafasi ya nusu sentimita hadi moja zaidi ya mguu. Mwenye mguu mpana anaulizwa mapema, maana utepe hauonyeshi mkanda wa juu utambana vipi. Kwa mazungumzo hayo mafupi, zile safari nne za 20,000 nyingi zisingekuwapo, na faida ya pea tisa za kuchanganya ingepanda kutoka 28,000 kuelekea 48,000.

Kuhusu "bei inboksi", sababu zake si za kijinga. Muuzaji anamficha mwenzake aliyemo kwenye kundi lilelile la jumla, na anataka mteja aanzishe mazungumzo. Lakini mteja anayeulizia bei kwa watu saba atamjibu yule aliyeiandika. Mwenye pea mkononi, picha yake mwenyewe na kipimo cha utepe hana cha kuficha. Bidhaa yake si ileile tena ya wale sita.

Kiatu kimeuzwa, sasa kifike. Swali la kwanza la mteja karibu kila mara ni "Mnapatikana wapi?", na muuzaji wa nyumbani hujibu kwamba wanaleta mlipo. Ndipo ramani ya Dar es Salaam inapoanza kudai haki yake. Jiji hili limejengwa kama vidole vilivyotanuka kutoka katikati: Barabara ya Bagamoyo inakwenda Mwenge na Tegeta, ya Morogoro inakwenda Ubungo, Kimara na Mbezi, ya Nyerere inakwenda Uwanja wa Ndege na Gongo la Mboto, ya Kilwa inakwenda Mbagala. Kutoka ncha ya kidole kimoja hadi ncha ya kingine ni mbali. Barabara ya Mandela ndiyo inayokata katikati na kuviunganisha.

Dada wa Tabata ana oda nne: Sinza, Kimara, Mbezi na Mbagala. Akimpa boda kila moja kivyake kadiri zinavyoingia, amelipia safari nne kamili, na mteja wa Mbezi ataona nauli aliyotajiwa inakaribia nusu ya bei ya kiatu. Akizikusanya hadi saa 7 mchana, boda anachukua Mandela hadi Ubungo, anakata Shekilango kwenda Sinza, anarudi Barabara ya Morogoro, anashusha Kimara na kumalizia Mbezi. Oda tatu kwenye mstari mmoja, na nauli inagawanywa. Mbagala haimo humo hata kidogo. Iko upande wa pili, kupitia Mandela ya bandarini na Barabara ya Kilwa, na inangoja siku ya Mbagala. Wauzaji wengi sasa hutangaza siku kwa barabara: Jumanne na Ijumaa Morogoro na Bagamoyo, Jumatano Kilwa. Kigamboni huwa na siku yake, kwa kuwa boda lazima avuke kwa pantoni ya Magogoni au apite Daraja la Nyerere, na daraja hilo ni la kulipia.

Kabla boda hajaondoka mteja anapigiwa simu, si kutumiwa meseji. Anatuma pini ya lokesheni, na anataja alama ambayo mtu wa mtaani anaijua: kituo cha daladala, msikiti, kituo cha mafuta. Pini peke yake humfikisha boda nyuma ya ukuta wa nyumba, upande usio na geti.

Masika, kati ya Machi na Mei, ratiba yote inalegea. Maji yakijaa Jangwani barabara hufungwa, na anayetoka Kariakoo kwenda Magomeni analazimika kuzunguka mbali. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na mifuko mbadala inayouzwa madukani inapitisha maji. Boksi la kiatu likilowa linaachia rangi kwenye mkanda mweupe. Ndiyo maana baadhi humtaka boda awe na begi lisilopitisha maji, au boksi la nyuma lenye mfuniko, kabla ya kumfanya wa kudumu.

Limebaki la kulipa. Mteja hataki kutanguliza hela kwa mtu asiyemjua, na muuzaji hataki kutuma kiatu Mbezi kwa mtu ambaye huenda akazima simu. Suluhu iliyoenea ni mteja kutanguliza nauli ya boda, kisha kulipia kiatu mlangoni baada ya kukijaribu. Aliyekwisha kutoa 5,000 hupokea simu.

Mlangoni ndipo penye mtego. Mteja anamwonyesha boda meseji ya muamala, jina na kiasi vyote sahihi, na boda anakabidhi. Jioni muuzaji anagundua hakuna kilichoingia. Meseji ya kughushi mara nyingi huja kutoka namba ya kawaida badala ya jina la mtandao, au ni picha ya skrini iliyochezewa, au ni meseji ya kweli ya muamala wa mtu mwingine. Kwa hiyo maelekezo kwa boda ni mafupi: asisome simu ya mteja, ampigie muuzaji. Muuzaji naye hasomi meseji iliyoingia kwake, anaangalia salio, kwa mfano kwa kupiga `*150*00#` kama anatumia M-Pesa, na salio likiwa limepanda ndipo anasema "mpe". Wengine huandika kabisa kwenye oda kama bei ni pamoja na ya kutolea au bila, kwa sababu ubishi wa hiyo tofauti umewahi kumweka boda nusu saa juani na kuharibu oda mbili zilizokuwa zinafuata.

Hela taslimu inayopita kwa boda inafungwa siku hiyohiyo. Boda akirudi, daftari linafunguliwa, kila mstari wa S14 uliotoka unasomwa kwa sauti, na mbele yake panaandikwa kimoja kati ya vitatu: kalipa kwa simu, kalipa mkononi, au kiatu kimerudi. Kilichorudi kinafunguliwa na kukaguliwa soli papo hapo, boda akiwapo, kabla ya kurudishwa kwenye boksi lake.